VWAP, au namna ya kununua hisa laki nne bila soko kukustukia

Najua blogu imekaa kimya tangu boom liingie na kuisha (liliisha kabla halijaingia vizuri, hiyo stori ya siku nyingine). Leo nataka kuwachosha kidogo na mambo ya shule. Naombeni mnivumilie, kwa sababu kuna ubishi umeivuruga grupu yetu ya diskasheni wiki nzima na alama 20 za kozi zinaning'inia hapo hapo.

Mada tuliyopewa ni jinsi wawekezaji wakubwa wanavyonunua na kuuza hisa nyingi bila kuivuruga bei. Prizentesheni ni Alhamisi. Jamaa mmoja wa grupu, kichwa kweli kweli kwenye takwimu, kaandika slaidi ya mwisho inayosema: dalali akikununulia kwa bei iliyo chini ya VWAP ya siku, amefanya kazi nzuri. Mimi nimegoma jina langu lisikae chini ya sentensi hiyo. Siyo kwamba ni uongo mtupu, ila inaacha nje kitu ambacho ndicho chenye hela. Nawaeleza, halafu mtaniambia kama ni ukorofi wangu tu.

Tuanze na hiyo VWAP yenyewe. Ni wastani wa bei ya hisa kwa kipindi fulani, mara nyingi siku moja, ila kila bei inapewa uzito kulingana na hisa ngapi zimeuzwa kwa bei hiyo. Kwa kuandika ni hivi:

```
VWAP = jumla ya (bei x hisa) / jumla ya hisa
```

Tuseme leo yamefanyika madili matatu tu. Hisa 500 kwa dola 40.00, hisa 300 kwa dola 40.10, na hisa 1,200 kwa dola 40.30. Ukijumlisha zile bei tatu na kugawa kwa tatu unapata kama 40.13. Lakini hiyo inamchukulia aliyenunua hisa 300 sawa na aliyenunua 1,200. Ukipima kwa uzito, pesa yote iliyopita ni dola 80,390, hisa zote ni 2,000, na VWAP ni 40.195. Iko juu zaidi kwa sababu hisa nyingi zilibadilisha mikono kule juu. Ndiyo maana watu wanaipenda: inakuambia shilingi ya kawaida iliyoingia sokoni siku hiyo ililipa ngapi.

Sasa kwa nini mtu ahangaike na wastani? Kwa sababu mnunuzi mkubwa hana bei moja. Wewe na mimi tukinunua hisa 50 tunalipa bei tuliyoiona kwenye skrini, basi. Mfuko wa pensheni unaotaka hisa 400,000 hauwezi. Kwenye skrini unaona muuzaji wa bei ya chini kabisa anataka dola 40.00, lakini ana hisa 800 tu. Nyuma yake kuna mwenye 1,200 kwa 40.01, halafu 1,500 kwa 40.03, na kuendelea kupanda hivyo hivyo. Ukiitupa oda nzima kwa mkupuo, unawamaliza wote hao ngazi kwa ngazi, na hisa zako za mwisho unazinunua kwa bei ambayo dakika moja kabla hakuna mtu aliyeiota. Tena wauzaji wengine wakiona, wanaondoa oda zao na kuzirudisha kwa bei ya juu. Ni kama usimame katikati ya soko la Tandale na kutangaza unataka magunia 300 ya maharage na lazima uondoke nayo leo. Utayapata, ila bei utapangiwa.

Basi mwenye akili anamfuata muuzaji mmoja mmoja, kimya kimya. Zamani kazi hii aliifanya dalali mwenyewe kwa simu na macho yake, siku nzima. Siku hizi kwenye masoko makubwa inafanywa na programu ya kompyuta. Oda kubwa inaitwa mama, na vipande vyake wanaviita watoto. Mama wa hisa 400,000 anaweza kuzaa watoto maelfu, kila mmoja wa hisa mia moja, mia mbili hivi.

Hapa ndipo panaponoga. Programu inajuaje ikate vipande vikubwa saa ngapi na vidogo saa ngapi? Inafuata ujazo, yaani wingi wa hisa zinazouzwa. Soko la New York linafunguliwa saa 3 na nusu asubuhi na kufungwa saa 10 jioni kwa saa za kwao. (Kwa sisi huku linafunguliwa saa 10 na nusu jioni wao wakiwa kwenye majira ya kiangazi na saa 11 na nusu wakiwa kwenye baridi, kwa hiyo unaweza kulitazama ukitoka kantini.) Ujazo wake wa siku unachorwa kama bakuli. Asubuhi mapema watu wengi wananunua na kuuza kwa sababu ya habari za usiku, mchana panapoa, halafu jioni karibu na kufunga panachemka kuliko wakati wowote.

Programu ya VWAP inachukua siku za nyuma, tuseme wiki tatu nne, inatafuta kila nusu saa huwa inabeba asilimia ngapi ya ujazo wa siku, kisha inaigawa oda yako vile vile. Tuchukue hisa ambayo kwa kawaida huuzwa 4,000,000 kwa siku, na sisi tunataka 400,000, yaani moja ya kumi. Kama nusu saa ya kwanza huwa na asilimia 12, tunanunua 48,000. Nusu saa ya mchana yenye asilimia 5 tunanunua 20,000, ambazo ni kama 667 kwa dakika. Nusu saa ya mwisho yenye asilimia 18 tunabeba 72,000. Ukifanya hivyo kwa uaminifu na siku ikafanana na utabiri, bei yako ya wastani inaangukia karibu kabisa na VWAP ya siku. Haihitaji kubashiri bei inaelekea wapi. Inahitaji kubashiri ujazo tu, na ujazo una tabia zaidi kuliko bei.

Ndani ya kila dakika bado kuna kazi. Programu kwanza inakaa upande wa wanunuzi, inaweka oda ndogo kwa bei ya chini na kusubiri muuzaji aje mwenyewe, maana ukisubiri huilipi ile tofauti kati ya bei ya anayenunua na ya anayeuza. Ikiona imechelewa kwenye ratiba, inavuka na kununua kwa bei ya muuzaji. Halafu inachezesha ukubwa na muda: mara hisa 140, mara 90, mara inakaa sekunde saba, mara ishirini. Huo uchezeshaji una sababu. Ukinunua hisa 667 kila ikigonga dakika, kuna kompyuta nyingine imekaa pembeni inahesabu, na ikishakujua itakuwa inanunua sekunde moja kabla yako ili ikuuzie wewe.

Ushahidi wa uzembe wa aina hiyo uliwahi kuonekana kwa macho. Tarehe 19 Julai 2012, bei za hisa za Coca-Cola, McDonald's, IBM na Apple zilichora meno ya msumeno mchana kweupe: zinapanda, zinashuka, zinapanda tena, na kila zamu ni nusu saa kwa saa. Wachambuzi wengi waliisoma chati ile kama programu ya kukata vipande iliyokuwa ikifuata saa bila kujificha. Mimi nimeitazama mara nyingi na kila mara nacheka. Kampuni nne kubwa kiasi kile, na mtu anaonekana anapumua ndani yake kama kajificha nyuma ya pazia miguu nje.

Mpaka hapo grupu nzima tunakubaliana. Ugomvi unaanza pale VWAP inapogeuzwa kutoka ratiba ya kununulia kuwa kijiti cha kumpimia dalali.

Kijiti hicho kina historia. Mwaka 1988 Berkowitz, Logue na Noser waliandika makala kuhusu gharama za kufanya biashara kwenye Soko la Hisa la New York, na humo wakapendekeza bei ya wastani yenye uzito itumike kumpima anayekufanyia biashara. Mwaka huo huo wa 1988, André Perold wa Harvard akaleta kijiti kingine: chukua bei iliyokuwepo dakika ile ulipoamua kununua, linganisha na ulicholipa mwisho wa yote, tofauti ndiyo gharama yako. Vijiti viwili, mwaka mmoja, na majibu yake yanaweza kupingana kabisa.

Turudi kwa hisa zetu 400,000. Meneja wa mfuko kaamua kununua asubuhi bei ikiwa dola 40.00. Siku nzima programu inanunua, bei inapanda taratibu, jioni soko linafungwa kwa 40.50. VWAP ya siku imetoka 40.30. Sisi wastani wetu ni 40.28. Dalali analeta ripoti ya kurasa mbili yenye rangi ya kijani: tumeishinda VWAP kwa senti 2, mara hisa 400,000, tumewaokolea dola 8,000. Kila mtu anatabasamu. Lakini kwa kijiti cha Perold, tulitaka kununua kwa 40.00 na tumelipa 40.28. Senti 28 mara 400,000 ni dola 112,000 zilizotoka mfukoni. Siku ile ile, oda ile ile. Na anayezilipa siyo meneja wala dalali, ni walimu na manesi ambao mfuko huo ni wao na hawatakaa waione karatasi hiyo.

Inawezekanaje? Kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani ya VWAP. Tukinunua tunaisukuma bei juu, bei ikipanda VWAP nayo inapanda, na tunajilinganisha na kitu tulichokisukuma kwa mkono wetu. Ukitaka kuiona vizuri ivute mpaka mwisho. Chukua siku ambayo sisi ndio wanunuzi wa kila hisa iliyouzwa. Wastani wetu na VWAP ya soko vinakuwa namba moja. Tunaweza kuwa tumeifikisha bei dola 60, na ripoti ikaandika kwamba tumelipa bei ya soko sawasawa, hakuna hasara hata senti. Kwa asilimia 10 ya ujazo ugonjwa ni mdogo, kwa asilimia 40 ni mkubwa, na tatizo ni kwamba anayehitaji kipimo kuliko wote ni huyo huyo mwenye oda kubwa.

Jamaa wa takwimu aliposikia hizo dola 112,000 alikaa kimya kidogo, halafu akauliza swali zuri, nampa haki yake. Akasema: utajuaje kwamba senti 28 zote ni zako? Labda siku hiyo soko zima lilipanda. Labda meneja alinunua kwa sababu ya habari nzuri, na bei ingepanda hata kama asingenunua.

Kweli kabisa, na kwa siku moja huwezi kujua. Lakini kuna dalili mbili za kutazama. Ya kwanza, toa mwendo wa soko: kama hisa za kampuni zinazofanana zilipanda senti 15 hivi siku hiyo bila sisi kuzigusa, basi zetu za kujilaumu ni kama 13. Ya pili naipenda zaidi. Tazama bei inafanya nini ukishaacha kununua. Kama tuliifikisha 40.50 jioni, na kesho yake asubuhi soko limetulia lakini hisa yetu imerudi 40.30, zile senti 20 zilikuwa shinikizo letu tu, kama godoro linavyorudi ukiinuka. Bei ikibaki kule kule juu, huenda kulikuwa na habari kweli na tulifanya vizuri kununua. Na kama kulikuwa na habari, basi kosa ni la upande wa pili: tulinunua polepole mno. Programu ya VWAP haina haraka. Bei ikipaa kuanzia asubuhi, yenyewe inaifuata kwa ustaarabu nusu saa kwa nusu saa mpaka jioni, na bado itapewa maksi nzuri kwa sababu VWAP nayo ilipaa.

Hapo ndipo penye kazi halisi. Ukienda haraka unalipia msukumo, ukienda polepole unajianika kwenye hatari ya bei kukimbia. Robert Almgren na Neil Chriss waliiandika mizani hiyo kwa hesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na programu nyingi zilizofuata zinaanzia kwao. Kuhusu msukumo wenyewe, vipimo vya masoko mengi vinaelekea kwenye kanuni moja: gharama kwa kila hisa inakua kama mzizi wa pili wa ukubwa wa oda ukilinganisha na ujazo wa siku. Oda ikiwa kubwa mara nne, kila hisa inakugharimu mara mbili, kwa hiyo gharama yote inakuwa mara nane. Kanuni ya makadirio, siyo ya kuapia. Ila inatosha kukuonyesha kwa nini mifuko mikubwa haiogopi ada ya dalali kama inavyoogopa kivuli chake yenyewe.

Sasa nawaleta kwenye mfano uliomaliza nguvu za wabishi. Siku ya Alhamisi, tarehe 6 Mei 2010. Masoko ya Marekani yalikuwa na wasiwasi tangu asubuhi kwa sababu ya madeni ya Ugiriki. Saa 8 na dakika 32 mchana, saa za New York, mfuko mmoja mkubwa wa uwekezaji uliwasha programu ya kuuza mikataba 75,000 ya E-Mini. E-Mini ni mkataba wa kubashiri bei ya baadaye ya faharisi ya S&P 500, na mfuko ulitaka kuuza ili kujikinga kama hisa zake zingeshuka. Thamani ya oda ilikuwa kama dola bilioni 4.1.

Programu haikuwa ya VWAP ya ratiba, ilikuwa binamu yake. Iliambiwa kitu kimoja tu: uza kwa kasi ya asilimia 9 ya ujazo wa dakika iliyopita. Haikuambiwa bei ya chini ya kukataa. Haikuambiwa itumie muda gani. Haya ninayowapa yametoka kwenye ripoti ya SEC na CFTC, wasimamizi wa masoko wa Marekani, ya Septemba 2010, na ripoti yenyewe haikuutaja mfuko kwa jina.

Mara ya kwanza ukisikia asilimia 9 unaona ni unyenyekevu. Soko likipoa na mimi napoa, soko likichangamka na mimi nachangamka. Mtego uko kwenye neno ujazo. Wanunuzi wa kwanza wa mikataba ile walikuwa wafanyabiashara wa kompyuta za kasi, ambao hawataki kukaa na kitu zaidi ya sekunde chache. Walinunua, wakaona wamebeba mzigo, wakaanza kuuziana wao kwa wao. Ripoti inasema kwamba kati ya sekunde ya 13 na ya 27 ya dakika ya 45, yaani sekunde 14, waliuziana zaidi ya mikataba 27,000, karibu nusu ya biashara yote ya muda huo, na kwa pamoja waliishia kuongeza mikataba kama 200 tu. Kiazi cha moto, kila mtu anampasia mwenzake.

Programu ya kuuza haioni kiazi. Inaona ujazo. Wekeni namba zangu za kufikirika: dakika ya kawaida mikataba 10,000 inauzwa, programu inatoa 900. Wakishaanza kupasiana na hesabu ikafika 50,000, programu inasema aah, soko limechangamka, na inatoa 4,500. Wanunuzi wa kweli, wanaotaka kununua na kwenda nayo nyumbani, ni wale wale, au wameshakimbia. Kadiri programu inavyouza ndivyo wanavyopasiana, na kadiri wanavyopasiana ndivyo inavyouza.

Kwa dakika nne na nusu, kuanzia saa 8:41, E-Mini ilishuka zaidi ya asilimia 5. Saa 8:45 na sekunde 28 mitambo ya soko la Chicago ilisimamisha biashara ya mkataba huo kwa sekunde 5. Sekunde tano tu, wadau, hata kupiga chafya hujamaliza. Bei ikaacha kushuka na kuanza kurudi. Lakini moto ulishahamia kwenye hisa za kawaida, ambako hisa kadhaa za kampuni zinazojulikana ziliuzwa kwa senti 1 na nyingine kwa dola 100,000, na madili zaidi ya 20,000 yakafutwa baadaye. Mfuko ulimaliza kuuza mikataba yake yote kwa dakika kama 20.

Na hiki ndicho kipande nilichokisoma kwa sauti mbele ya grupu. Ripoti inasema oda ya ukubwa ule ule iliwahi kuuzwa kabla ya siku hiyo, kwa kuchanganya mikono ya watu na programu kadhaa zilizoangalia bei, muda na ujazo kwa pamoja. Mara hiyo mikataba 75,000 ya kwanza ilichukua zaidi ya saa 5. Ukubwa ule ule, saa 5 dhidi ya dakika 20.

Msininukuu kwamba programu moja ndiyo iliyoangusha soko. Soko la Chicago lenyewe lilipinga kubebeshwa mzigo na oda ile. Mwaka 2015 akakamatwa London mfanyabiashara mmoja, Navinder Sarao, na mwaka 2016 akakiri kosa la kuweka oda kubwa za uongo kwenye E-Mini bila nia ya kuzitimiza. Wanaojua zaidi yangu bado wanabishana nani alichangia kiasi gani. Kwangu inatosha kwamba ujazo na wanunuzi ni vitu viwili, na amri ya kuuza inayoangalia ujazo peke yake haiwezi kuvitofautisha.

Mtu kauliza kama mambo haya yanafanyika hapa kwetu. Nyenzo zenyewe zinagoma. Kukata kwa kufuata bakuli la ujazo kunahitaji bakuli liwepo, na kwenye soko letu la Dar kuna kaunta ambazo siku nzima zinapata madili machache au hakuna kabisa. Hapo hakuna umati wa kujificha ndani yake. Mwenye hisa nyingi dalali wake anamtafutia mnunuzi mkubwa kwa simu, wanakubaliana bei, dili linapita kwa mkupuo mmoja. VWAP ya siku kama hiyo ni bei ya watu wawili tu.

Kwa hiyo slaidi imebadilika, japo kwa makelele. VWAP imebaki kama ratiba. Chini yake tumeweka bei ya wakati wa uamuzi, asilimia tuliyokuwa nayo kwenye ujazo wa siku, na bei ya kesho yake asubuhi, ili anayesoma ripoti ya kijani ajue pa kuchokonoa. Jamaa wa takwimu bado anataka neno "nzuri" libaki. Tumempa "inaridhisha", na ndiye atakayesimama mbele kuitetea Alhamisi, mimi nabonyeza kitufe cha slaidi tu.

Haya, mwenye swali aniachie kwenye maoni hapo chini. Umeme ukiwepo nitajibu usiku. Sasa hivi nakimbilia foleni ya chakula kabla wali haujageuka ugali.